Friza moja yaweza kukutoa kwenye umeme nafuu wa Tanzania

Maji ya mto Akagera yanayoporomoka Rusumo huzungusha mashine tatu zenye nguvu ya megawati 80 kwa jumla, na umeme wake hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ila ukishaingia katika waya za kila nchi, kila nchi inauuza kwa utaratibu wake. Mfanyabiashara anayelala Kirehe leo na kesho akalala Benako, wilayani Ngara, anakuta ng'ambo ya daraja mita inayofanana na ya kwao, tokeni ya tarakimu 20 kama ya kwao, lakini hesabu tofauti.

Jina la Benako wengi wa wenzetu waliorejea wanalijua kwa kambi ya mwaka 1994. Siku hizi ni mji mdogo wa malori na maduka, na wapo wanaopanga chumba huko ili wasivuke mpaka kila jioni. Malalamiko yanayosikika mara nyingi kwa wapangaji wa aina hiyo ni haya: mwezi uliopita shilingi elfu kumi zilitosha, mwezi huu hazikufika hata wiki mbili. Wengine wanasema mita imeharibika, wengine wanasema jirani anaiba. Mara nyingi si mita wala jirani. Ni kwamba mtu amepiga hesabu ya pesa kabla ya kupiga hesabu ya uniti.

Tuanze na bei yenyewe. Agizo la EWURA, mamlaka inayopanga bei ya nishati Tanzania, lililoanza kutumika Aprili 2016, liliweka makundi mawili yanayomhusu mtu wa kawaida anayenunua umeme wa LUKU. Kundi la kwanza huitwa D1. Ni la wateja wa majumbani ambao kwa wastani hawazidi uniti 75 kwa mwezi, nao hulipa shilingi 100 kwa uniti. Wakizidi 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kundi la pili ni T1, lenye nyumba za matumizi makubwa zaidi, maduka na karakana ndogo. Humo kila uniti ni shilingi 292, iwe ya kwanza au ya mia moja.

Juu ya bei hiyo huongezwa asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, yaani asilimia 22 kwa jumla. Kwa hiyo mfukoni uniti ya D1 ni shilingi 122, uniti ya ziada ya D1 ni 427, na uniti ya T1 ni kama 356. Mtu wa T1 analipa karibu mara tatu ya mwenzake wa D1 kwa umeme uleule.

Sasa tupate uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chombo, zidisha kwa saa za matumizi ya siku, zidisha kwa siku 30, kisha gawanya kwa 1,000. Kama kibandiko kinaonyesha ampea tu, zidisha ampea hizo kwa volti 230 upate wati za kukisia, ukijua kwamba kwa vyombo vya mota jibu hilo huwa juu kidogo ya ukweli.

Tuseme mama mmoja anauza maji na juisi barabarani, naye amepanga chumba Benako chenye mita yake ya D1. Ana balbu tatu za wati 9, zinazowaka saa tano kila usiku. Hizo ni wati-saa 135 kwa siku. Luninga ya wati 60 kwa saa tano ni 300. Simu na redio tuzipe 50. Birika la umeme la wati 2,000 linatumika dakika 12 kwa siku, asubuhi na jioni, nalo ni 400. Pasi ya wati 1,000 huchomekwa nusu saa, lakini pasi hujizima na kujiwasha, kwa hiyo tuhesabu nusu ya muda huo, yaani 250. Jumla ni wati-saa 1,135 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 34, na kwa shilingi 122 ni kama shilingi 4,150 kwa mwezi.

Tazama kwanza kilichokula umeme. Luninga inayowaka jioni nzima imetumia kidogo kuliko birika la dakika 12. Chombo kinachotoa joto ndicho cha kuogopwa, hata kama kinawashwa muda mfupi.

Halafu mama huyu akanunua friza ndogo ya mtumba yenye wati 150. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukizidisha 150 kwa saa 24 utapata uniti 108 kwa mwezi, na utamwambia asiinunue. Lakini friza haifanyi kazi saa zote. Mota huvuma, baridi ikitosha hunyamaza, kisha huanza tena. Tuseme saa zote za kuvuma kwa siku zinafika 10. Hizo ni wati-saa 1,500, au uniti 45 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile 34, chumba sasa kinatumia uniti 79.

Uniti nne tu juu ya mstari. Akiwa bado D1, atalipa 9,150 kwa zile 75 za kwanza na kama 1,700 kwa zile nne, jumla chini kidogo ya shilingi 10,900. Si mbaya. Lakini D1 ni ya wenye wastani usiozidi 75. Wastani wake ukizoea kuwa juu ya hapo, anahamishiwa T1, na uniti zilezile 79 zinakuwa zaidi ya shilingi 28,000. Friza ambayo kwa hesabu ya D1 ingekula kama shilingi 5,500 imemgharimu 24,000 kwa mwezi, kwa sababu imepandisha bei ya balbu, luninga na birika pia.

Swali lake basi si friza inakula kiasi gani peke yake. Ni kama faida ya juisi baridi inazidi shilingi 24,000 kwa mwezi, au kama anaweza kupata uniti tano mahali pengine. Akiacha birika anaokoa uniti 12, anarudi 67, na mwezi unamgharimu kama shilingi 8,200. Hata akitoa gharama ya mkaa wa chai, bado anabaki mbali na zile 28,000.

Friza ya mtumba ina hatari ya pili, na wanaozivusha mpakani kwa biashara wanapaswa kuijua. Mpira wa mlango ukichakaa, joto huingia na mota hainyamazi. Ikivuma saa 14 badala ya 10, uniti 45 zinakuwa 63. Dalili ni barafu inayojaa upande mmoja wa mlango na mota isiyopumzika hata usiku. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila ukinzani, mpira umekwisha. Kuingiza chupa za moto kutoka juani na kufungua mlango kila dakika kunaleta matokeo hayohayo hata kwa friza mpya.

Kwa hiyo usiishie kwenye kibandiko. Zima vyote, acha friza peke yake, soma uniti zilizobaki kwenye mita, kisha soma tena baada ya saa 24 za matumizi ya kawaida. Tofauti ndiyo jibu la kweli. Asiyeweza kungoja siku nzima atazame taa ndogo inayomweka kwenye mita. Kama imeandikwa `1000 imp/kWh`, kila mmweko ni wati-saa moja. Na ukizima kila kitu, ukachomoa kila soketi, taa hiyo ikaendelea kumweka, hapo ndipo una haki ya kushuku waya wa jirani au waya unaovujisha umeme, na kumwita fundi.

Yapo mambo mawili yanayoharibu makisio mazuri. La kwanza ni kodi ya jengo. Tangu 2021 serikali ya Tanzania huikusanya kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Inakatwa unaponunua umeme, na miezi usiyonunua hujilimbikiza. Mwenye D1 akilipa elfu kumi na kukatwa 1,500, anapata uniti kama 70 badala ya 77. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo mpangaji aizungumzie kabla ya kulipa pango. Ukitaka bei yako halisi, toa kodi hiyo kwenye pesa uliyolipa, kisha gawanya kwa uniti zilizo kwenye risiti. Ukipata kama 122 uko D1; ukipata kama 356 uko T1.

La pili ni mita ya pamoja. Wapangaji wanne wenye uniti 30 kila mmoja wangekuwa wote D1 kama kila mmoja angekuwa na mita yake, na kulipa 3,660. Wakichangia mita moja, mita inaona uniti 120, inawekwa T1, na kila mmoja anatoa karibu 10,700. Hakuna aliyeiba. Kabla ya kukubali chumba, uliza mita ni ya nani na ipo kundi gani.

Anayetoka Rwanda asidhani kwamba desturi yake ya Cash Power itamwongoza. Kwetu, nyumba hulipa kwa ngazi: uniti za kwanza za mwezi ni nafuu, zinazofuata ni ghali, na zinazopita 50 ni ghali zaidi. Mwezi ukianza upya unarudi ngazi ya chini, hivyo kosa la mwezi mmoja huisha na mwezi huo. Ng'ambo, kuzidi kwa mazoea hubadilisha kundi lako, na miezi inayofuata unalipa bei ya juu tangu uniti ya kwanza. Ndiyo maana makisio ya uniti yafanywe kabla ya friza kushushwa kwenye gari.