Ripoti ya ukaguzi si ya kufungiwa kabatini

Miezi michache iliyopita nilikuwa Gungu, hapa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, katika kiwanda kidogo cha kukamua mawese. Nilikwenda kumwona kijana aliyekatwa vidole viwili na mkanda wa mashine. Tulipokuwa tunaongea, msimamizi wake alifungua kabati akatoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya ukaguzi wa usalama mahali pa kazi, kurasa kumi na moja. Ukurasa wa sita ulisema mkanda huo hauna kinga. Ripoti ilikuwa imefika kabla ya ajali.

"Tuliisoma, daktari," alisema yule mzee. "Tukaiweka vizuri."

Hapo ndipo tatizo lilipo. Ripoti ilisomwa kama barua, ikahifadhiwa kama cheti. Hakuna aliyekaa na kalamu akatoa ndani yake mambo matatu: tarehe, kasoro, na marekebisho. Wiki hii nataka nikuonyeshe jinsi kazi hiyo inavyofanywa, kwa mfano wa kiwanda hicho. Nimebadilisha tarehe na baadhi ya maelezo ili mahali penyewe pasitambulike.

Chukua karatasi moja, uilaze, uchore safu sita: namba ya kasoro na ukurasa wake, kasoro yenyewe, kinachotakiwa kufanywa, nani afanye, mwisho ni lini, na uthibitisho. Kisha usome ripoti mara mbili. Mara ya kwanza tafuta tarehe tu.

Utashangaa tarehe zilivyo nyingi. Katika ripoti yetu kulikuwa na siku ya ukaguzi, 12 Machi, na siku ripoti iliposainiwa, 26 Machi. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu siku ilipopokelewa, 9 Aprili. Ndani kulikuwa na tarehe ya mwaka juzi ya mtungi wa kuzimia moto kukaguliwa mara ya mwisho. Hiyo si tarehe ya mwisho ya jambo lolote. Ni ushahidi wa kasoro, na mahali pake ni safu ya kasoro. Ukiichanganya na tarehe za utekelezaji, karatasi yako inaharibika tangu mwanzo.

Mtego mkubwa ni maneno kama "ndani ya siku 30". Siku 30 kuanzia lini? Ukihesabu tangu ukaguzi, mwisho ni 11 Aprili. Tangu ripoti iliposainiwa, ni 25 Aprili. Tangu ilipopokelewa, ni 9 Mei. Kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho kuna siku 28, na katika siku hizo mashine inazunguka kila asubuhi. Ripoti yetu ilisema, kwenye aya ya mwisho kabisa ambayo watu wengi hawaifikii, kwamba siku zinahesabiwa tangu kupokelewa. Kwa hiyo mwisho ni 9 Mei, na yale ya siku 90 mwisho wake ni 8 Julai. Kama ripoti yako haisemi, muulize mkaguzi kwa maandishi, na ukiwa unasubiri jibu tumia tarehe ya mapema zaidi. Katika safu ya mwisho andika maneno ya ripoti yenyewe, "siku 30 tangu kupokea", kisha pembeni yake tarehe uliyohesabu. Hapo mtu mwingine ataweza kukusahihisha.

Neno "mara moja" nalo usiligeuze kuwa tarehe ya wiki ijayo. Maana yake ni leo. Na kama mkaguzi ametoa ilani ya kuzuia matumizi ya mashine, hapo hakuna siku za kuhesabu. Mashine inasimama mpaka aliyeizuia aruhusu. Ilani ya kutaka marekebisho ni jambo jingine, kwa kuwa yenyewe inakupa muda. Nimewaona watu wakiziweka mbili hizo katika safu moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa soma mara ya pili, ukitafuta kasoro. Sentensi moja ya ripoti yetu ilisomeka hivi: mkanda wa mashine ya kukamulia hauna kinga na swichi ya dharura haifanyi kazi. Hizo ni kasoro mbili. Ukiziandika katika mstari mmoja, fundi atatengeneza swichi, wewe utaweka alama ya vema, na mkanda utabaki wazi. Wafanyakazi waliniambia swichi ilitengenezwa wiki ileile ripoti ilipofika. Kijana aliumia kwenye mkanda.

Kuna pia sentensi zinazofanana na kasoro lakini zina maana tofauti. Ripoti ilisema hati za upimaji wa afya za wafanyakazi hazikuonekana wakati wa ukaguzi. Haikusema wafanyakazi hawakupimwa. Huenda hati zipo nyumbani kwa mwenye kiwanda. Andika kama ilivyo, "hazikuonekana", na kazi ya kwanza iwe kuzitafuta. Zisipopatikana ndipo wapelekwe kupimwa. Na yale mazuri, kama sanduku la huduma ya kwanza kuwepo na kuwa kamili, hayaingii katika karatasi hii. Yanabaki kwenye ripoti.

Sehemu ngumu zaidi ni marekebisho. Ripoti nyingi huchanganya agizo na nasaha. "Wafanyakazi wahimizwe kuwa waangalifu" si marekebisho. Huwezi kwenda siku ya mwisho ukakagua kama mtu amehimizwa. Marekebisho ya mkanda ni kitu cha kushika kwa mkono: kizimba cha wavu wa chuma, chenye matundu madogo kiasi kwamba kidole hakipiti kufika kwenye mkanda au puli, kilichofungwa kwa bolti ili kisitoke bila spana. Fundi wa kuchomelea wa hapo Gungu anaweza kukitengeneza bila kuagiza kitu kutoka Dar es Salaam.

Kelele ni mfano mwingine. Ripoti ilitaka zipimwe ndani ya siku 90. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Ukilazimika kupiga kelele ili usikike na mtu aliye umbali wa mita moja, kuna uwezekano mkubwa umeshakivuka. Kupima kunahitaji chombo na mtu anayejua kukitumia, kwa hiyo muda wa siku 90 unaeleweka. Lakini kupima hakupunguzi kelele. Kwa hiyo katika karatasi yetu tuliweka mistari miwili: wa muda, vizuia sauti vya masikioni vianze kuvaliwa sasa; na wa kudumu, injini ihamishiwe nyuma ya ukuta baada ya vipimo kutoka. Mstari wa pili tuliuandikia kuwa ni pendekezo letu, kwa sababu ripoti haikulisema. Usimtie mkaguzi maneno mdomoni.

Vivyo hivyo kwa safu ya mhusika. Ripoti ilisema tu "uongozi". Usijaze jina la mtu kwa kubuni. Andika "hajatajwa", kisha mpeleke mwenye kiwanda karatasi na kalamu aandike mwenyewe. Kazi ya "uongozi" haina mwenyewe. Kazi ya mtu mwenye jina ina wa kuulizwa.

Safu ya mwisho ni uthibitisho, na hapa kuna kosa ambalo hata viwanda vikubwa hufanya: kuhesabu jambo limekwisha kwa sababu fundi amelipwa. Baada ya ajali kizimba kilichomelewa, msimamizi akaweka alama ya vema. Nilipopita tena nilikikuta kimeegemezwa ukutani. Wasafishaji walikuwa wanakitoa kila jioni kuondoa mabaki ya chikichi, na asubuhi hakirudishwi. Kumbe kilifungwa kwa waya badala ya bolti. Tulifuta ile alama. Sasa uthibitisho ni picha yenye tarehe, pamoja na mtu kukagua mashine ikiwa inafanya kazi, mara mbili, kwa kupishana wiki mbili.

Labda utasema haya ni makaratasi. Kumbuka yaliyotokea Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, na mhandisi akasema si salama. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Kesho yake washonaji wa nguo waliamriwa kurudi kazini, jengo likaanguka, na watu 1,134 wakafa. Kasoro ilijulikana. Kilichokosekana ni hatua kabla ya saa ya kuingia kazini. Mwezi uliofuata vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo zilitia saini mkataba ambao chini yake ripoti za ukaguzi wa viwanda, pamoja na mipango ya marekebisho, zilitangazwa hadharani ili yeyote aone kipi kimefanyika na kipi kimechelewa.

Hilo ndilo ninalolitaka hapa kwetu. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tuna OSHA wa kuisimamia. Wakaguzi wanafika na kuandika. Lakini karatasi inaishia kwa mwenye kiwanda, mara nyingi kwa Kiingereza, wakati mwenye vidole hatarini yuko kwenye mashine na anasoma Kiswahili. Wapo waajiri walioniambia kwamba kubandika kasoro ukutani ni kuwapa wafanyakazi silaha. Mimi naona kinyume. Aliyekatwa vidole alipita pembeni ya mkanda ule kila siku bila kujua kwamba kuna mtu wa serikali aliyeandika kwamba ni hatari. Angejua, angemkumbusha msimamizi tarehe 9 Mei ikikaribia, na bosi asingebaki sasa na madai ya fidia.

Karatasi ile ya safu sita sasa imebandikwa karibu na mlango wa kiwanda, juu ya ndoo za maji ya kunawa. Ina mistari tisa. Sita imethibitishwa, miwili iko ndani ya muda. Mmoja, wa mtungi wa kuzimia moto, umepita tarehe yake, na mfanyakazi mmoja ameuzungushia wino mwekundu. Hakuna aliyemtuma.

Kama kazini kwako mkaguzi amewahi kupita, kesho uliza ripoti iko wapi. Kisha fungua aya ya mwisho, uone siku zinahesabiwa tangu lini.