Heshima haipimwi kwa urefu wa barua

Mwandishi aliyedai kwamba barua pepe fupi ya kuomba kazi ni dharau kwa mwajiri hajafikiria inasomwaje. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani, TheLadders, ilifuatilia macho ya waajiri: wasifu mmoja ulipitiwa kwa wastani wa sekunde 7.4. Huo ulikuwa wasifu, si barua pepe, lakini msomaji ni yuleyule mwenye haraka.

Hapa Kalemie shirika la misaada likitangaza kazi ya ghala, maombi hufurika. Anayeyachambua, mara nyingi kwenye simu, huona kwanza jina la mtumaji, kichwa cha barua na maneno machache ya mwanzo. Ukianza na «Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa heshima kubwa nachukua fursa hii adhimu», nafasi yote imekwisha naye hajajua unataka kazi gani.

Kichwa kiwe «Mtunza ghala, Kalemie», pamoja na namba ya tangazo. Salamu iwe «Bwana Mkurugenzi», basi. Kisha: «Nimetunza ghala la chakula Kalemie miaka 4, naandika hati za kupokea na kutoa mizigo, na naweza kuanza mwezi ujao.» Ruka mstari, eleza kazi moja uliyoifanya vizuri kwa sentensi mbili au tatu, ruka tena, taja viambatisho.

Nakubali, tangazo likidai barua ya maombi ndefu, iandike. Iambatishe kama faili la PDF lenye jina lako.