Barua ya Walimu wa Fizikia: Kobalti Darasani

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Kidato cha Nne,



Wiki ijayo tunafika katika mada ya unururifu, na tumekusudia kuwaonyesha wana wenu kipande kidogo cha kobalti-60 kikitoa mionzi mbele ya mashine ya kuihesabu. Baadhi yenu mmekwisha kutuuliza, na swali lililotugusa zaidi ni la mama mmoja mwenye mtoto mchanga: je, binti yake afue buibui kabla ya kumpakata mdogo wake? Swali hilo ni la haki, nasi tunaona lijibiwe kwa wote.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwangaza wa taa hukupiga usoni, lakini taa ikiondolewa hubaki huna mwangaza wowote mwilini. Manjano ya jikoni si hivyo. Yakikumwagikia huganda kwenye vidole na kanga, ukayapeleka chumba hadi chumba. Mionzi ya kobalti ni kama mwangaza wa taa: hupita, na haimgeuzi mtu wala nguo kuwa chanzo kingine cha mionzi. Kitu cha kuogopewa kama manjano ni kobalti yenyewe, lau ingetoka ndani ya kifuniko chake. Nayo imefungwa ndani ya chuma, haimwagiki wala haipeperuki. Kwa hiyo buibui halihitaji kufuliwa kwa ajili ya somo hili.

Chanzo chetu kilipotengenezwa kilikuwa na nguvu ya kilobekereli 185, na kobalti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, basi leo kina chini ya hapo. Tutaanza somo bila kukitoa. Mashine itawashwa peke yake, nayo italia, kwa sababu mionzi imo daima katika ardhi, hewa na anga. Wakazi wa Kwale wanaujua Mlima Mrima, ambao miamba yake ina thoriamu, na huko mashine kama hii ingelia kwa kasi zaidi kuliko hapa shuleni.

Tuseme mashine imehesabu mapigo 25 kwa dakika. Kisha mwalimu atakitoa chanzo kwa koleo na kukiweka sentimita 10 mbele yake, mashine isome 425. Tukiondoa yale 25 ya maumbile, kobalti imeleta 400. Kikisogezwa hadi sentimita 20, haleti 200 kama wengi wanavyokisia, bali 100, na kwenye sentimita 40 huleta 25 tu. Umbali ukizidishwa mara mbili mionzi hutawanyika juu ya eneo lililo kubwa mara nne. Kwenye mita mbili, mahali yanapoanza madawati, limebaki pigo moja kwa dakika, na mashine haiwezi hata kulitambua, maana yale 25 yenyewe hupanda na kushuka baina ya 20 na 30. Mwanafunzi atakayeketi hapo nusu saa atapokea kutoka kwa chanzo kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya kile ambacho maumbile humpa katika muda uo huo, na kisichofika sehemu moja ya elfu ya picha moja ya eksirei ya kifua.

Hatusemi kwamba kitu hiki ni cha kuchezewa. Kikishikwa mkononi, ule umbali unaotulinda unakuwa haupo tena. Kwa hiyo hakuna mwanafunzi atakayekigusa, wala mwalimu hatakishika kwa vidole. Mwenzetu aliye mjamzito hatakitoa wala kukirudisha. Huhifadhiwa ndani ya chombo cha risasi, katika kabati lenye kufuli, na huandikwa daftarini kinapotoka na kinaporudi. Kabla ya darasa kwisha, mwalimu atakionyesha kikirudi chomboni, kwani tunachokihofia kuliko mionzi yenyewe ni kipande kidogo kama kifungo kuingia mfukoni mwa kijana mdadisi.

Kifuniko kikipasuka, tutajuaje? Hupangusa kingo zake kwa pamba yenye unyevu iliyobanwa kwenye koleo, kisha pamba hiyo huwekwa mbele ya mashine, mbali na chanzo. Ikisoma 25 kama kawaida, hakuna kilichovuja. Ikizidi wazi na kurudia kuzidi, chanzo hakitumiki tena, na habari hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya. Upangusaji huo tutaufanya siku moja kabla ya somo, na mzazi apendaye kuushuhudia anakaribishwa maabara baada ya swala ya Alasiri.

Asiyeridhika aturudishie kipande cha chini cha barua bila sahihi. Mwanawe atapewa hesabu zote tulizozipata, achore grafu yake katika chumba cha pili, na hatapungukiwa na alama yoyote.

Wabillahi tawfiq.

Walimu wa Fizikia