Fonti Imepotea? Wacha Kugusa Replace

Wasee, tuongee kuhusu ile onyo ya `Missing Fonts`. Unafungua PSD ya posta ya mechi hapa Kiandutu, timu inataka tu tarehe ibadilike kutoka 14 iwe 21, halafu Photoshop inakuambia fonti hauna. Wengi wanapanik, wanakubali fonti yoyote ibadilishwe kila mahali. Hapo ndio posta inaharibika, si kwa onyo.

Shika hii. PSD imehifadhi picha ya kila leya ya maandishi vile ilionekana kwa mashine ya mwenye aliitengeneza. Ndio maana posta bado inakaa poa hata kama fonti haiko kwako. Inabaki hivo mpaka uguse maandishi yenyewe. Kwa hivyo chagua `Don't Resolve`, ama funga tu onyo, uingie ndani.

Sasa cheki leya moja tu, ile ya tarehe. Haina kialama cha onyo? Andika 21, sevu kwa jina jipya, umemaliza. Hizo zingine zenye alama hazikuhusu.

Kama ni yenyewe ina shida, bonyeza leya mara moja usome jina la fonti kwa `Character`. Soma lote, juu `Montserrat Regular` ukiwa nayo haikusaidii kama faili inataka `Montserrat Bold`. Montserrat iko Google Fonts bure, unaweka kwa mashine na onyo inaisha. Ikiwa ni fonti ya kununua, uliza mwenye posta kama ana leseni ya kukupea ama akubadilishie hiyo laini mwenyewe. Kuiokota kwa tovuti za ajabu mimi siungi mkono, na mara nyingi hata herufi zenyewe hazitoshani na za kwanza.

Na kama mechi ni kesho na mwenye faili hashiki simu? Tuseme laini inasema `JUMAMOSI 14, SAA 2 ASUBUHI`. Namba zote unazotaka ziko hapo tayari, saizi moja. Nakili leya kwa `Ctrl+J`, zima macho ya ile ya kwanza, kisha kwa nakala chagua `Rasterize Type`. Sasa hiyo ni picha, haiitishi fonti. Futa 4, sukuma 1 ikae pahali pake, halafu zungushia ile 2 ya saa, `Ctrl+J` tena, uipeleke mbele ya 1. Zumu uone kama zimekaa laini moja chini.

Hii ujanja inakufa ukiambiwa ubadilishe jina la timu na herufi haziko. Hapo weka fonti inayofanana kwa leya mpya, laini nzima, sio neno moja katikati. Na umwambie mteja umebadilisha, kabla posta ichapishwe.