Run si kukimbia tu: neno la Kiingereza hutafsiriwa pamoja na majirani zake

Watu wengi waliohama mashariki mwa Kongo wanajifunza Kiingereza siku hizi. Wengine wako kambini na wanasikia lugha hiyo kwa wafanyakazi wa mashirika. Wengine walishavuka mpaka na wanaishi Nakivale au Kyangwali, Uganda, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi. Daftari zao zinafanana: upande wa kushoto neno la Kiingereza, upande wa kuume neno moja la Kiswahili. Kwenye mstari wa run wameandika kukimbia, na mwalimu ameweka alama ya vizuri.

Mstari huo si uongo, lakini unamdanganya mwanafunzi. Kesho yake atasikia kwamba pua ya mtoto ina-run, kwamba mama fulani ana-run duka, kwamba chakula kime-run out. Atashangaa mchele umekimbilia wapi. Kiisha ataanza kujiona mjinga, wakati kosa ni la daftari.

Kwanza ajue kwamba hata wenyewe Waingereza neno hilo liliwatesa. Wanayo kamusi kubwa kuliko zote za lugha yao, ile ya Oxford. Mtunzi wake mmoja, Peter Gilliver, alipewa kazi ya kupanga upya maana za run kama kitenzi. Ilimchukua karibu miezi tisa, kwa neno moja tu. Alipomaliza alihesabu maana 645. Zamani neno set ndilo lilikuwa linachukua nafasi kubwa kupita yote katika kamusi hiyo, sasa run limelishinda.

Mia sita arobaini na tano! Lakini hakuna Mwingereza anayezibeba zote kichwani kama orodha. Hazikuanguka siku moja, zimezaana kama ukoo, na ukijua mzazi unaweza kumtambua mtoto.

Tangu zamani sana neno hili lilisemwa juu ya miguu na juu ya maji. Mtu alikimbia, mto ulitiririka, na vyote viwili viliitwa kwa neno hilo, kwa sababu vyote vinakwenda bila kusimama. Hata Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wana neno rinnen kwa maji yanayotiririka na rennen kwa mtu anayekimbia. Kwa hiyo pua inayotoka kamasi haikuazima neno kwa miguu. Iko upande wa maji.

Kutoka hapo hatua ni ndogo ndogo. Mashine ikiwashwa sehemu zake zinakwenda bila kusimama, basi nayo ina-run. Anayeifanya iende, naye ana-run mashine. Kama mtu anaweza kuifanya mashine iende, anaweza pia kulifanya duka liende, au shule, au inchi nzima. Hapa Mswahili asicheke, maana yeye alipita njia ile ile: kuendesha ni kufanya kitu kiende, na tunaendesha motere, tunaendesha duka, tunaendesha mkutano. Tofauti ni kwamba Kiswahili kiliongeza kipande mwishoni mwa kuenda ili mabadiliko yaonekane. Kiingereza hakikuongeza kitu. Kiliacha run vile vile, na kumwachia msikilizaji kazi ya kutambua.

Na kitu kisichotembea kabisa? Barabara ina-run kutoka Goma mpaka Sake, ingawa imelala pale pale. Kinachotembea ni jicho la anayeifuata. Hata sisi tunasema barabara inaenda Sake, na hakuna anayeuliza ina miguu mingapi.

Msikilizaji anatambua namna gani? Kwa majirani wa neno. Chukua tangazo hili la mfano, la kubandikwa kwenye robine ya kambi iliyo karibu na Ziwa Kivu:

"The committee runs this tap. It runs from 6 to 10. If the water runs out, do not run to the lake."

Run imeingia mara nne, na kila mara kwa maana yake. Anayetafsiri kwa daftari la mstari mmoja atasema komite inakimbia robine. Anayetazama majirani atafanya hivi.

Mara ya kwanza, mbele ya run kuna komite, yaani watu, na nyuma yake kuna robine, moja kwa moja, bila kineno katikati. Watu wana-run kitu: mara nyingi hiyo ni kuendesha au kusimamia. Komite ndiyo inayosimamia robine hii, na mwenye malalamiko aende kwao.

Mara ya pili anaye-run ni robine yenyewe, na baada yake kuna from na to, kutoka na mpaka. Vineno hivyo viwili havitoshi, kwa sababu ile barabara ya Goma na Sake ilikuwa navyo pia. Tazama kilicho ndani yao. Kwenye barabara kulikuwa na majina ya miji, kwa hiyo ilikuwa habari ya mahali. Hapa kuna 6 na 10, ni masaa. Maji yanatoka saa 12 asubuhi mpaka saa 4, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. (Wangapi wamefika saa sita ya mchana wakakuta robine imefungwa, kwa sababu ya hesabu hizi mbili za saa! Lakini hiyo ni habari nyingine.)

Mara ya tatu kuna maji mbele na out nyuma. Out ni nje. Maji yakitiririka nje ya pipa mpaka tone la mwisho, pipa limebaki tupu. Kutoka kwenye pipa watu walipeleka usemi huo kwa mchele, franga, muda, hata uvumilivu: run out ni kuisha. Anayesikia out karibu na run, na habari ni ya akiba ya kitu, asifikirie miguu tena.

Mara ya nne wanaoambiwa ni watu, hakuna kitu wanachokiendesha, na to inaonyesha mahali pa kufika, ziwa. Hapo ndipo miguu inaingia. Msikimbilie ziwani, kwa sababu maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yanaweza kuleta kipindupindu. Ona kwamba maana ya daftari ilikuwa sahihi mara moja tu kati ya nne.

Nani atasema jambo hili ni geni kwetu? Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga pasi, na hakuna aliyeumizwa. Mgeni akiandika katika daftari lake kwamba kupiga ni kugonga kwa mkono, atafikiri kila uchaguzi wetu ni vita. Sisi hatukosei, kwa sababu hatusikii piga peke yake. Tunasikia piga-kura kama kitu kimoja. Mtoto wa Kiingereza naye anasikia run-out kama kitu kimoja.

Isichanganywe na maneno yanayofanana sauti tu. Kupanda mlima na kupanda mahindi ni maneno mawili yaliyokutana njiani, na kamusi huyaandika mbali mbali. Run ni ukoo mmoja wenye watoto wengi.

Kuna mahali ambapo kukosea jirani wa neno kunaweza kumgharimu mtu, nako ni kwenye meza anapoulizwa habari ya safari yake. Kiswahili kinaweka mengi ndani ya kitenzi: kukimbia, kukimbilia, kukimbiza, kukimbizana. Kiingereza kinaweka tofauti hizo nje, katika vineno vidogo ambavyo mtu mwenye haraka anavimeza. Mtu amesema: "Njiani tulikutana ghafla na askari." Kwa Kiingereza hiyo ni "we ran into soldiers". Mtafsiri akiacha in na kusema "we ran to soldiers", mwandishi wa ofisi ataandika kwamba familia ilikimbilia kwa askari, kuomba msaada. Hapo ni herufi mbili tu, na aliyekuwa hatari ameandikwa kama mlinzi. Akisema "ran after soldiers", familia ndiyo imewakimbiza askari.

Hali kadhalika mama anayesema "nilikimbia nyumba yangu". Watu wetu wanatafsiri "I ran away from home", na maneno yote ni Kiingereza kizuri. Lakini mbele ya masikio ya Mwingereza, run away from home ni habari ya kijana aliyetoroka kwao baada ya kugombana na wazazi. Vita haimo ndani yake. Neno linalombeba mama huyo ni flee, na kwa wakati uliopita fled: "I fled my home". Vivyo hivyo "on the run" husemwa hasa juu ya mtu anayekwepa kukamatwa, kama vile mtoro wa gereza. Asiitumie kwa bibi wa miaka sabini aliyekimbia mabomu. Na mkimbizi si runner. Runner ni yule wa mashindano ya mbio.

Kwa sababu hiyo walimu wa Kiingereza wa kujitolea, ambao kazi yao ni ya heshima, waache kufundisha maneno kama shanga zilizokatika uzi. Pahali pa mstari wa run – kukimbia, daftari liandike mafungu: run a shop, kuendesha duka, run out of food, kuishiwa chakula, run into someone, kukutana na mtu ghafla, the nose is running, pua inatoka kamasi. Mafungu kumi au kumi na tano yanatosha kwa maisha ya kambini na ya ofisini. Mengine 630 wayaachie watunzi wa Oxford.

Kuna nyakati ambapo hata majirani hawasaidii. Mtu akisema "she is running in Kampala", je, dada huyo yuko kwenye mashindano ya mbio au anagombea kiti? Majirani ni wale wale. Katika mwaka wa uchaguzi msikilizaji ataelekea upande wa kura, uwanjani ataelekea upande wa mbio, na aliyefika katikati ya mazungumzo hana la kushika. Waingereza wenyewe hapo huuliza: "running for what?" Kama jibu ni jina la kiti, ni uchaguzi. Mtafsiri naye ana haki ya kusimamisha mazungumzo na kuuliza kabla hajafungua kinywa, hata kama mkubwa wa ofisi anatazama saa yake.