Deni la trekta lina msimu wake

Vijana wengi mnaolimia watu kwa trekta mna daftari la madeni, lakini nikilifungua nakuta jina na kiasi tu: "Mzee wa bondeni, 240,000." Hapo bado. Mimi nasema andika pia tarehe ya kulima, idadi ya eka, atalipa kwa zao gani na zao hilo atauza lini. Eka zipimeni pamoja siku ileile, hatua 70 kwa 70, kisha asaini. Ugomvi mwingi huanzia kwenye eka, sio kwenye hela.

Safu ya zao ndiyo inayokuambia lini udai. Huku Nyanda za Juu Kusini, mteja wa mahindi uliyemlimia Novemba hana kitu mpaka avune, kuanzia Juni. Ukimfuata Machi mnagombana bure. Lakini akishauza, na wewe hujaona hata gunia moja, huyo hajachelewa tena. Ameamua kutokulipa. Hapo ndipo pa kufunga mkopo, hata kama deni ni la eka moja tu.

Yupo pia ambaye mvua imemwangusha. Utamjua: anakuja mwenyewe kabla hujamtafuta, na shamba lake mmeliona wote. Huyo msogezee tarehe hadi mavuno yajayo, ila deni jipya hapana. Akitaka kulimiwa, alipe taslimu.

Swali linalobaki ni ukopeshe kiasi gani. Tuseme unalima eka kwa 60,000. Dizeli, dereva na akiba ya vipuri vinakula 35,000. Mteja akija na eka 4, bei ni 240,000, na katika hiyo 140,000 inatoka mfukoni mwako siku hiyohiyo. Ukimkopesha zote, kesho unaomba hela ya dizeli wakati msimu wa kulima hausubiri. Kwa hiyo adai 140,000 mkononi kabla trekta halijawashwa, na 100,000 ndiyo iingie daftarini. Asipolipa, umepoteza faida, lakini trekta bado linatembea. Mtu asiyeweza kutoa hata hela ya dizeli, mimi simwandiki kabisa.

Najua mtasema: je, akiwa mjomba? Ndiyo maana daftari liwe na kanuni moja kwa wote. Nenda nalo, msalimie kwanza, kisha mwambie: "Shikamoo mjomba. Deni la mwaka jana bado lipo hapa na saini yako. Nikilipokea, kesho asubuhi nipo shambani kwako." Hujamnyima, umemwonyesha mlango wa kurudi. Akikasirika, subira. Mjomba aliyenuna ana siku atacheka, ila trekta lililokaa bila dizeli Desemba halirudishiwi msimu wake.