Mwandani wa zamani anaoa: pongezi zisiwe na mwiba

Wiki hii nataka tuongee jambo linalowakuta vijana wengi wa mjini bila hodi. Simu inalia kidogo, unafungua wasapu, unakutana na kadi ya mchango wa harusi. Unashuka na macho mpaka kwenye jina la bwana harusi, kumbe ni yule yule mliyekuwa naye miaka na miaka. Sasa utajibu nini?

Kwanza tuelewane. Hapa Dar kadi ya mchango haiji kama barua ya siri. Kamati ikishakaa kikao chake cha kwanza, bwana harusi anaambiwa alete majina, naye anapekua simu yake mwanzo mpaka mwisho. Anawatumia wafanyakazi wenzake, aliosoma nao, mpaka fundi gari wake, na wewe umo. Kwa hiyo usikae ukaisoma mara kumi ukitafuta kama anakuringishia au anakukumbuka. Mara nyingi hamna lolote humo zaidi ya kamati kutaka hela ya ukumbi na chakula. Ukishalijua hilo kazi inapungua, maana unajibu kadi tu, hujibu mapenzi yaliyopita.

Nichukue mfano wa dada mmoja rafiki yangu wa Kinondoni. Alikuwa na kaka mmoja kwa miaka minne, wakaachana bila ugomvi mkubwa. Siku ikaja kadi: singo shilingi 50,000, dabo 100,000, na chini namba ya mweka hazina. Dada wa watu hakuwa na kinyongo, ila moyo ulimdunda. Akaandika jibu, akaniletea nilisome kabla hajalituma. Lilisema hivi:

"Hongera sana, hatimaye umempata unayemtaka. Namwombea shemeji uvumilivu, maana atauhitaji, hahaha. Mungu hamtupi mja wake, na mimi siku yangu inakuja. Kila la heri."

Aliniapia kwamba ni utani tu. Mimi nikamwambia tulisome kwa jicho la bibi harusi, maana siku hizi simu ya mchumba ni ya wote wawili. "Hatimaye umempata unayemtaka" maana yake mimi hukunitaka. "Uvumilivu, maana atauhitaji" ni mashtaka kabisa, hata ukiyafunika na kicheko. "Shemeji" naye ni shemeji kwa upande upi? Na hiyo methali ni nzuri, lakini hapo inamzungumzia mwandishi mwenyewe, wakati siku hiyo ni ya watu wengine. Ukiondoa yote hayo, kilichobaki ni hongera na kila la heri.

Unajua ugumu uko wapi, msomaji? Sisi ni watu wa mafumbo. Kanga haivaliwi hivi hivi, ina maandishi yake, na anayelengwa anajua kwamba kalengwa. Kwenye taarabu mtu anainuka kwenda kutuza pale pale beti linapomgusa mbaya wake. Enzi za kadi za salamu redioni, ukishataja majina ya unaowasalimu ulikuwa unamalizia na ujumbe, na mtaa mzima unajiuliza ujumbe ule kapelekewa nani. Kwa hiyo mwandani wako wa zamani akipata meseji yako ataitafuta fumbo hata kama haimo. Dawa yake ni maneno makavu, ya kawaida, ambayo hata akiyachimba hapati kitu.

Tukakaa tukaandika upya, ikatoka hivi:

"Habari za siku nyingi. Kadi nimeipata, hongereni sana. Nawatakia wewe na mchumba wako harusi njema na ndoa yenye amani. Mchango wangu wa 50,000 nitamtumia mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye sherehe sitaweza kufika."

Basi. Angalia ilivyokaa. Pongezi zimekuja mapema, tena kwa wote wawili, maana ukimpongeza mmoja tu ni kama yule mwingine humtambui. Kilichoulizwa kimejibiwa, yaani mchango na kufika. Hakuna jina la mahaba la zamani, hakuna "unakumbuka", hakuna swali la kumfanya ajibu tena. Na kutofika hakukuwekewa sababu. Ukisema unasafiri halafu Jumamosi ile watu wakakuona Mwenge, uongo wako utageuka kuwa ujumbe.

Kama una wasiwasi na jibu lako, lipime kwa namna mbili. Kwanza jiulize kama ungeweza kumtumia mfanyakazi mwenzako maneno hayo hayo bila kubadili kitu. Pili, msomee mtu asiyejua habari zenu. Akiuliza "kwani kulikuwa na nini?", rudi ukakate.

Sasa tuje kwenye hela, maana nayo inaongea. Dada yule mwanzoni alitaka atume laki mbili ili "wajue niko vizuri". Hiyo ni jeuri iliyovaa nguo ya ukarimu. Jina lako litasomwa kwenye orodha ya kamati, na bibi harusi atauliza huyu ni nani aliyechanga kama mjomba. Ukituma elfu mbili nayo itasomwa kama kejeli. Toa kile ambacho ungemtolea mtu wa kawaida unayefahamiana naye, tuma kwa mweka hazina kama kadi inavyosema, usimpelekee bwana harusi mkononi. Na kama huna, au hutaki, hudaiwi. Andika: "Hongereni sana, nawatakia heri. Kwenye mchango safari hii sitaweza." Kulipa si sharti la kuwa muungwana.

Mtego wa mwisho uko baada ya kutuma. Kaka alijibu "Asante sana, ubarikiwe", na dada akanyamaza, maana mazungumzo yalikuwa yameisha. Nilichomsihi ni stetasi. Mtu anatuma jibu zuri saa nne asubuhi, saa tano anabandika wimbo wa aliyeachwa kwenye stetasi yake, na namba za shoga zake wote wa zamani zinauona. Hapo lile jibu zuri limekufa. Kama una la kusema, na ni haki yako kuumia, mpigie mtu mmoja unayemwamini ukalie naye. Kwa sauti, siyo kwa maandishi, maana maandishi yanapigwa picha na kusambazwa.

Isitoshe, kadi haina haraka ya saa hiyo hiyo. Ikikukuta usiku na roho imekaa vibaya, ilaze mpaka kesho kutwa. Na kama aliyekutumia alikuwa akikupiga au kukudhalilisha, humdai wala hakudai pongezi. Ukimya wako hapo si uchungu wala si fumbo, ni mlango uliofungwa.

Dada wa Kinondoni alituma elfu hamsini zake tarehe 28, akapata ujumbe wa shukrani kutoka kwa mweka hazina asiyemjua. Wiki tatu baadaye picha za harusi zikaanza kuzunguka. Kaniambia alizitazama mara moja, akasema gauni lilimkaa vizuri bibi harusi, kisha akaendelea kukaanga samaki wake.